Kilo Arobaini za Usiku wa Mbalamwezi

Swali lilikuja kwa simu, jioni, nikiwa napiga pasi gauni la kuvaa kesho yake. Aliyeliandika alikuwa mama mmoja wa Bujumbura ambaye asubuhi angefika Rumonge na mwenzake kuamua kama wataweka fedha katika kampuni yangu. Nilikuwa nimewatumia faili ya makadirio wiki nzima kabla, na nilitarajia hawajaifungua, maana watu wenye pesa husoma ukurasa wa kwanza na kuangalia picha. Huyu alikuwa amesoma. Aliandika hivi: kwenye faili yako, Rumonge inatoa kilo moja kavu kwa kila kilo tatu na theluthi za ndagala wabichi. Kila mtu niliyemuuliza ziwani ananiambia ni nne kwa moja. Ninyi mnafanyaje?

Nilicheka. Nikajibu kwamba tutalizungumza asubuhi, nikaendelea kupiga pasi. Mimi nina kiburi cha watu waliosoma gestion, yaani usimamizi wa biashara, na kiburi hicho kilinipa jibu papo hapo: sisi tunaanika juu ya vichanja vya waya, si chini kwenye mchanga, kwa hiyo hakuna wanaooza wala wanaoliwa na kuku. Jibu zuri. Nilikuwa nimeshalitoa mara nyingi mbele ya watu wengi. Ila yule mama alikuwa ameuliza juu ya Rumonge peke yake, na vichanja vya waya tulikuwa navyo pia Minago. Kwa nini basi Minago haikuwa na tatu na theluthi? Pasi ilikuwa bado mkononi swali hilo liliponijia.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Ndagala ni dagaa wa ziwa letu, wadogo kama kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa. Taa ikiwaka juu ya maji meusi, samaki wanapanda kuifuata, wavu unainuliwa. Kampuni yangu ilinunua wabichi alfajiri ufukweni, ikawaanika, ikawafunga kwenye vifuko safi, ikawauza madukani mjini na kule milimani. Tulikuwa na vituo viwili. Cha Rumonge nilikisimamia mwenyewe. Cha Minago alikisimamia mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba na kunisomesha kwa kuuza ndagala kwa beseni mpaka nikamaliza chuo. Wazo la vichanja lilikuwa lake. Alikuwa amefunga wavu chakavu juu ya miti minne nyuma ya jiko, akaanika hapo, na mvua iliponyesha akakunja kila kitu kama mtu anayeanua shuka. Mimi nililipa wazo lile jina la Kifaransa na nembo ya rangi mbili.

Namna ya kununua ilikuwa tofauti kati ya vituo hivi, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Rumonge tulilipa taslimu kila asubuhi. Karani wangu alipima samaki na kuandika kilo za usiku ule kwenye kisanduku cha siku ile. Usiku wa mbalamwezi kali hakuna anayevua, kwa sababu mwezi unaangaza ziwa zima na samaki hawaijali taa tena, basi visanduku vya siku hizo vilibaki vitupu. Minago mama mdogo alinunua kwa desturi ya ufukwe wake. Wavuvi walimpa samaki kwa kuaminiana usiku baada ya usiku, giza lote, yaani kipindi chote ambacho mwezi hausumbui, kama usiku ishirini. Mwezi ukijaa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, wanaume wanalala, na hapo ndipo watu wanakaa pamoja na kumaliza hesabu. Yeye hakuwa na kilo za kila usiku. Alikuwa na namba moja tu, ya giza lote, na alinitumia kwa sauti kwenye simu, huku nyuma yake watu wakicheka na mbuzi wakilia.

Faili yangu ilikuwa na visanduku thelathini kwa kila kituo. Nilikuwa nimeitengeneza kwa fahari, yenye rangi, na haikuwa na mahali pa kuweka namba moja. Nakumbuka mchana ule niliochukua namba yake ya kwanza, kilo elfu moja na mia mbili, nikaigawa kwa thelathini, nikapata arobaini, nikaandika arobaini kwenye kisanduku cha kwanza na kuivuta mpaka cha mwisho. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kila mwezi uliofuata nilifanya vivyo hivyo.

Baada ya miezi kadhaa faili ilianza kunisimulia hadithi mbaya juu ya Minago. Ilisema kituo kile kinapata kilo mia nane mbichi kwa mwezi. Lakini fedha zilizotoka zilikuwa nyingi mno kwa kilo mia nane. Nilizigawa, nikaona kila kilo ya Minago ilikuwa ghali kuliko ya Rumonge kwa nusu nzima ya bei. Samaki ni wale wale, ziwa ni lile lile, na kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine ni mwendo mfupi wa pikipiki. Kisanduku cha faida kikawa chekundu, kikabaki chekundu. Kuna maelezo mawili tu ya jambo kama hilo, nilijiambia: ama wavuvi wanamlalia, au mama mdogo anakula.

Sikumwita mwizi. Nataka hilo lieleweke, ingawa sasa naona halinisaidii kitu. Nilikwenda Minago na gari la kubeba vichanja, nikamwambia mbele ya wanawake aliokuwa akifanya nao kazi na wavuvi wawili waliokuwa wamekaa karibu kwamba hesabu za hapa hazieleweki, kwamba kuna pesa zinapotea, na kwamba kampuni inafunga kituo mpaka zieleweke. Alikuwa anaosha mikono. Akaikausha kwenye kitenge taratibu.

"Mutoto wangu," alisema, "ile namba minakupa iko ya giza yote. Unaielewa vizuri?"

"Naielewa, mama mdogo. Nimesoma kazi hii."

"Haya."

Akaniambia hivyo tu, haya, akaenda kuwasaidia vijana kupakia vichanja. Kimoja kilikuwa na waya uliochomoka na akaupinda kwa jiwe ili usimchome mtu njiani. Niliona anaona aibu, nikaichukua aibu ile kuwa ushahidi.

Jioni ile, basi, niliweka pasi chini na kufungua kompyuta mezani. Nilianza na lile la tatu na theluthi. Nilijua lilivyoingia, maana nililiingiza mimi. Ndagala wakavu wa vituo vyote viwili walikuwa wakifika kwenye depo ya Rumonge, wanamwagwa pamoja, wanapimwa pamoja. Wakati vituo vyote vinafanya kazi, mizani ilikuwa ikisema kilo mia nane kavu kwa mwezi. Kwa hesabu ya nne kwa moja, kilo elfu mbili mbichi za Rumonge zilipaswa kutoa mia tano, na mia nane za Minago zitoe mia mbili. Jumla mia saba. Mizani ilikuwa na kilo mia moja zaidi ya faili. Mtu mwenye akili angeuliza mia moja zile zimetoka wapi. Mimi nilikuwa na mahali pawili pa kuziweka, nikaziweka kwenye kituo nilichokisimamia mwenyewe. Nikaiandikia Rumonge mia sita badala ya mia tano, faili ikakubali, ukavu wa Rumonge ukawa tatu na theluthi, na mimi nikaanza kuhutubia watu juu ya ubora wa usimamizi.

Tangu tufunge Minago, Rumonge ilikuwa inatoa mia tano kamili. Niliilaumu mvua.

Nilitoka nje kupunga hewa. Nyumba yangu iko juu kidogo, ziwa linaonekana lote mpaka upande wa Kongo. Mwezi ulikuwa umejaa. Maji yalikuwa meupe kama sinia, na hapakuwa na taa hata moja. Siku nyingine kutoka pale unaona taa za wavuvi zimetapakaa kama mji mwingine. Nilisimama nikitafuta hata moja kwa mazoea. Baba yangu alikuwa mvuvi. Tulipokuwa watoto, usiku wa giza hatukuwa na baba, alikuwa ziwani, na mchana alikuwa amelala na tulikatazwa kupiga kelele. Usiku wa mbalamwezi ndio tuliokuwa naye. Alikaa uani na sisi, akatukaangia mahindi, akaimba vibaya. Niliupenda mwezi mpevu kuliko Idi, kwa sababu Idi huja na wageni na mwezi ulikuwa unamleta yeye peke yake.

Nilirudi ndani kama mtu aliyeitwa. Nikafungua ukurasa wa Minago, nikatafuta tarehe za mwezi mpevu uliopita. Kisanduku kilikuwa na arobaini. Kinachofuata arobaini. Usiku ambao hakuna mtumbwi uliogusa maji, faili yangu ilikuwa imevua kilo arobaini, na usiku uliofuata arobaini nyingine, bila kuchoka.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo hata linatia hasira. Fomula ya wastani, ile ambayo kompyuta yangu ya Kifaransa inaiita MOYENNE, hairuki namba yoyote ila inaruka kisanduku kitupu. Rumonge ilikuwa na visanduku vitupu kumi, basi wastani wake ulikuwa wa usiku ishirini wa kuvua: kilo mia moja kwa usiku. Ukurasa wa pili ulizidisha mia moja kwa ishirini, ukapata elfu mbili. Sawa kabisa. Minago haikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja, kwa sababu mimi nilivijaza vyote. Wastani wake ukawa arobaini, na ukurasa wa pili ukazidisha arobaini kwa ishirini, kwa sababu niliuamuru utumie usiku ishirini kwa vituo vyote. Mia nane. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa umeshatolewa na mama mdogo ndani ya namba yake, na mimi nikautoa tena mara ya pili. Theluthi ya samaki wake ikapotea hapo.

Niliandika elfu moja na mia mbili gawa kwa ishirini. Sitini. Nikaiweka, nikafuta visanduku vya mwezi mpevu vibaki vitupu. Namba zikakimbia chini ya ukurasa. Minago: kilo elfu moja na mia mbili mbichi, mia tatu kavu. Bei ya kilo moja mbichi ikashuka ikawa sawa na ya Rumonge, pungufu kidogo hata. Kisanduku chekundu kikawa kijani. Rumonge ikarudi kwenye nne kwa moja kama watu wote wa dunia hii, na mia tano na mia tatu zikawa mia nane, sawasawa na mizani. Hapakuwa na kilo moja iliyopotea wala faranga iliyoliwa. Nililia nikiwa nimekaa hapo hapo, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimefiwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na nililiona nikiwa bado nafuta macho. Mpango niliowatumia wageni ulikuwa wa kuipanua Rumonge peke yake: tununue kilo elfu nne mbichi kwa mwezi, tupate elfu moja na mia mbili kavu. Kwa nne kwa moja tungepata elfu moja. Zile mia mbili zilizokosekana ndizo zilizokuwa faida yote ya mwaka. Bila hizo, vichanja vipya vingelipa waya, mishahara na mafuta ya gari, basi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema vichanja vyetu ni bora, wangeamini au wasingeamini. Lakini kuitetea tatu na theluthi kulikuwa ni kusema tena, safari hii mbele ya wageni, kwamba mama mdogo aliiba. Sikuweza. Naandika hivyo kama vile ni ushujaa, na haukuwa. Nilikuwa tu nimechoka kumwonea.

Asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli ya ufukweni, niliweka mezani faili mbili zilizochapishwa, ya zamani na mpya, nikaeleza jinsi nilivyoeleza hapa. Yule mama alisikiliza bila kunikatiza. Mwenzake, mwanaume mwenye miwani, aliomba nimwonyeshe visanduku vya arobaini, akavitazama, akatikisa kichwa kwa huruma fulani iliyoniudhi.

"Faili mpya iko nzuri," alisema mama yule. "Rumonge peke yake haiwezi. Rumonge pamoja na Minago inaweza, tena bien, vizuri kabisa. Huyu mama wa Minago anapewa samaki bila cash mpaka mwisho wa giza. Hiyo inawapunguzia fonds de roulement, pesa ya kuzungusha, nusu nzima. Sisi tungeweka pesa kwa sababu yake yeye. Bado yuko?"

"Yuko."

"Atarudi kazini?"

Nilisema nitamuuliza. Wakanipa mpaka jioni, kwa kuwa walikuwa wanalala pale.

Nilipanda pikipiki kwenda Minago na zile karatasi kifuani, ndani ya koti. Mama mdogo alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga muhogo. Siku za mwezi mpevu hakuna samaki wa kuanika, basi hufanya kazi nyingine. Wavu wake wa zamani ulikuwa umerudi juu ya miti minne, mdogo, wa kutosha beseni moja au mbili.

"Amahoro, mama mdogo."

"Amahoro. Karibu, patronne."

Alikuwa hajawahi kuniita bosi; kwake nilikuwa mutoto. Nilidhani ni utani, nikangoja atabasamu. Alinivutia kigoda, akaendelea kutwanga. Nikamweleza kila kitu: visanduku thelathini, kugawa, kuzidisha. Nilimwonyesha karatasi ingawa hasomi Kifaransa. Nilipofika kwenye usiku wa mbalamwezi aliacha kutwanga.

"Uliandika tulivua usiku wa mwezi?"

"Ndiyo."

"Wewe? Mutoto wa baba yako?"

Alisema hivyo bila hasira. Ningeomba iwe hasira. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi la muhogo, nikamwomba msamaha, nikashika miguu yake, na yeye akaniinua haraka akisema watu wanaangalia. Akasema amenisamehe. Alisema vizuri, akashika kichwa changu, na najua hakudanganya. Ndipo nikamwambia habari ya wageni, kwamba wako tayari kuweka fedha, kwamba kituo kitakuwa chake, na jina lake litakuwa kwenye karatasi za kampuni.

"Samaki nitapata wapi?" aliuliza.

Sikumwelewa.

"Siku ile ulisema mbele ya bavuvi pesa inapotea. Balisikia. Giza lililofuata nilienda ufukweni na mabeseni, bakaniambia, mama, safari hii tunaomba cash. Sikukasirika. Miye pia ningesema vile. Kama mutoto niliyemulea haniamini, bo baniamini sababu gani?" Alichukua mchi, akaufuta vumbi kwa kiganja. "Sasa minanunua beseni moja, ile minaweza kulipa asubuhi."

"Nitakwenda kuwaeleza. Nitawaambia kosa lilikuwa langu."

"Nenda. Batakusikiliza, bako na heshima. Batasema ni sawa, patronne. Na asubuhi bataomba cash."

Nilikwenda. Waliketi wakishona nyavu kando ya mitumbwi, wakanisikiliza, wakasema ni sawa, wakanipa pole. Mmoja aliniuliza kama kompyuta yangu imeshatengenezwa. Nilipouliza kama watampa mama mdogo samaki giza lijalo kama zamani, walitazamana, na mzee wao akasema mambo hayo huja polepole. Niliwapigia wageni simu nikiwa barabarani, na sikuwadanganya. Walinishukuru kwa ukweli, na fedha zao zikaenda mahali pengine.

Kampuni niliifunga kabla ya mvua zilizofuata. Vichanja nilivirudisha Minago vyote, na mama mdogo anatumia kimoja. Vingine majirani wanaanikia muhogo. Namtembelea kila mwezi unapojaa, maana najua hana samaki na ana nafasi. Tunakula, tunacheka, ananifungia ndagala wa kwenda nao, ananisindikiza mpaka barabarani kama mzazi. Pikipiki ikiwaka ananishika bega na kusema, "Safari njema, patronne."